Muda Umekwama: Mwongozo Kamili wa Kukagua Usingizi, Chakula na Kreatini kwa Mkimbiaji wa Mbio Fupi

Kila msimu swali ni lile lile: "Kocha, ninywe kreatini gani?" Anayeuliza huwa amekwama kwenye muda mmoja kwa miezi, na ukimwuliza analala saa ngapi anajibu "kawaida tu." Wiki inayofuata amenunua mkebe wa kreatini, ule unga wa kuongeza akiba ya nishati kwenye misuli. Kwa kuwa ana mkebe, anaanza pia kulala mapema, anaongeza mayai na kubadilisha mazoezi. Mwezi ukiisha hajui kilichomsaidia ni kipi, wala kama kipo kilichomsaidia.

Hapa tutakagua kimoja baada ya kingine, na kreatini itakuja mwisho. Tutafuatana na kijana mmoja wa Kondele, Kisumu, nitakayemwita Ouko. Ana miaka 21, kilo 68, na anakimbia mita 100.

## Utakavyohitaji

- Daftari na kalamu. Daftari la karatasi, si simu. Utaona sababu kwenye hatua ya 3.
- Simu inayorekodi video ya fremu 60 kwa sekunde. Simu nyingi za kawaida zinaweza. Angalia mipangilio ya kamera.
- Vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye urefu unaofika kifuani, na tepu ya kupimia mita 30.
- Mizani ya kujipimia uzito. Ya duka la dawa inatosha, mradi iwe ile ile kila mara.
- Mtu mmoja wa kushika simu.
- Wiki 16 hivi. Mbili za kupima tu, nne za usingizi, nne za chakula, sita za kreatini.

Katika wiki hizo usibadilishe ratiba ya mazoezi wala viatu vya spaiki. Ukianza kunyanyua vyuma vipya katikati ya ukaguzi, daftari lako halitakuambia kitu.

## Hatua ya 1: Hakikisha muda umekwama kweli

Ouko alikuja na orodha ya mashindano yake. Mwaka uliopita alikimbia 10.9 Nakuru. Kisha 11.1 mara mbili hapa Kisumu. Halafu, kwenye mashindano makubwa kidogo, 11.36. Kwake ilikuwa wazi: amepoteza karibu nusu sekunde, mwili umeisha.

Mwili haukuwa umeisha. Muda wa Nakuru na wa Kisumu ulipimwa kwa saa ya mkono, na ule wa 11.36 ulipimwa kwa mtambo wa umeme. Mtambo huanza kuhesabu bunduki inapolia, ilhali mtu mwenye saa huchelewa kubonyeza. Kwa mita 100, desturi ni kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono ili ulingane na wa umeme. Kwa hiyo 11.1 yake ni 11.34, na 11.36 ya mtambo ni mbio ile ile.

Ile 10.9 nayo ikiongezwa inakuwa 11.14. Lakini Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na Kisumu ni mita 1,130 hivi. Hewa nyepesi inakupa kidogo. Upepo haukupimwa siku ile, na upepo wa mgongoni wa mita 2 kwa sekunde, ambao ndio kikomo cha kuhesabiwa rekodi, hupunguza muda kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sikuwa tayari kuichukulia ile 10.9 kama kipimo.

Andika mbio zako zote kwenye safu moja, zote kwa muda wa umeme, na pembeni uandike mahali na upepo. Safu ya Ouko ilisema amekwama karibu na 11.35 kwa mwaka mzima. Hilo ni tatizo halisi, ila ni dogo kuliko lile lililomnyima raha.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba moja unayoweza kuitetea mbele ya mtu mwingine.

## Hatua ya 2: Tengeneza kipimo ambacho hakibembelezi

Saa ya mkono haitakufaa hapa. Mabadiliko unayoyatafuta ni madogo kuliko kosa la kidole cha anayebonyeza. Tumia video.

Pima mita 30 na uchomeke kijiti kila mwisho, karibu kabisa na mstari wa njia unayokimbilia. Kabla ya kijiti cha kwanza weka alama ya mita 30 nyingine za kuchukua kasi. Mwenye simu asimame katikati ya vijiti, pembeni, mbali kiasi cha kuona vijiti vyote viwili bila kugeuza simu. Hapo awe na kitu cha kuegemeza, mkono unatikisika.

Chukua kasi, pita vijiti kwa nguvu zote. Kisha fungua video, uisogeze fremu moja moja, na uhesabu fremu kuanzia nyonga inapofika kijiti cha kwanza mpaka inapofika cha pili. Hesabu nyonga, kwa sababu kifua na kichwa hubadilisha mkao. Gawanya kwa 60 upate sekunde.

Kimbia mara tatu, upumzike dakika sita au saba kila mara, halafu uchukue matokeo ya katikati. Ouko alipata fremu 186, 187 na 188. Ya katikati ni 187, yaani sekunde 3.12.

Tazama zile mbio tatu: siku moja, mwili mmoja, na bado zinapishana fremu mbili. Kwa hiyo mabadiliko ya fremu moja usiyasherehekee na usiyalilie.

Kuna kipimo cha pili, cha kufanya mara moja tu mwishoni mwa kila kipindi: mbio sita za namna hiyo hiyo kwa mapumziko ya dakika mbili. Unatafuta tofauti kati ya mbio ya kwanza na ya sita. Ouko alianza na 188 akamaliza na 203, akapoteza fremu 15.

Onyo: mbio ya tano na ya sita ndizo zinazochana msuli wa nyuma ya paja. Ukihisi unavuta, simama hapo hapo. Kipimo kisichokamilika ni nafuu kuliko miezi ya kukaa nje.

## Hatua ya 3: Usingizi, bila kujidanganya

Wengi huanguka hapa, na si kwa uvivu. Mtu huandika saa aliyopanda kitandani, au saa aliyokusudia kulala, na kalamu haimkatalii.

Daftari la Ouko la wiki ya kwanza lilikuwa safi mno. Saa nne usiku, saa nne usiku, saa nne na robo. Nikamwomba afungue ujumbe wake wa M-Pesa tukae nao pamoja. Jumanne: amenunua bando saa sita na dakika 47 usiku. Alhamisi: saa saba kasoro dakika tano. Aliangalia simu, akaangalia daftari, akacheka. "Kocha, hapo nilikuwa kitandani lakini."

Ni kweli alikuwa kitandani. Alikuwa anafuatilia mechi. Na kundi lao lilikuwa likikutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa hiyo alikuwa akiamka saa kumi na moja kasoro robo. Tulipohesabu upya wiki zote mbili, wastani wa usingizi ulikuwa saa tano na nusu kwa usiku mmoja.

Fanya hivi:

1. Wiki mbili za kwanza usibadilishe kitu. Kila asubuhi andika saa uliyoweka simu chini kwa mara ya mwisho, saa uliyoamka, na mara ulizoamka usiku.
2. Linganisha na ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa, saa ya ujumbe wa mwisho uliotuma, video ya mwisho uliyotazama. Hii ndiyo sababu ya daftari la karatasi: simu ibaki shahidi, na shahidi asilale chumba kimoja nawe.
3. Anza na saa ya kuamka, kisha rudi nyuma. Mwanariadha anayefanya mazoezi makali anahitaji saa nane, na wengine tisa. Ukiamka saa kumi na moja na nusu, taa izimwe saa tatu na nusu usiku.

Kwa Ouko haikuwezekana mpaka ratiba iguswe. Kundi lilikubali kuhamisha siku mbili za kasi kutoka alfajiri hadi saa kumi jioni, bila kubadilisha kazi yenyewe. Hilo lina faida ya pili: joto la mwili huwa juu zaidi jioni, na misuli ya kasi hupenda hivyo. Tatizo la Kisumu ni mvua ya mchana na radi zake. Ikinyesha, badilisheni siku; msirudi alfajiri.

Chumba nacho. Nyumba ya mabati hupata joto jingi mchana, na mwili unahitaji kupoa ili ulale. Oga kabla ya kulala, acha wazi dirisha lenye wavu, na usitoke kwenye chandarua kwa sababu ya joto: kanda ya ziwa malaria haikusubiri umalize msimu. Chai ya rangi iliyokolea iishie alasiri, kwa kuwa saa tano hivi baada ya kuinywa nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini.

Kwa nini haya yote yaguse fremu 187? Kasi ya juu kabisa inategemea jinsi ubongo unavyoamrisha misuli kwa haraka na kwa mpangilio. Ukilala kidogo, amri inaweza kuchelewa na mguu ukakaa chini muda mrefu zaidi. Mkimbiaji mwenyewe huona kama "miguu mizito" na anadhani ni chakula.

Baada ya wiki nne, kwa wastani wa karibu saa nane, Ouko alipata fremu 184, yaani sekunde 3.07. Kwenye mbio sita alitoka 185 hadi 197: amepoteza 12 badala ya 15.

Umefaulu ukiamka bila kengele siku nyingi, na hujasinzia kwenye matatu mchana. Kama umelala saa nane kwa wiki nne na bado unasinzia, au mwenzako anasema unakoroma na kukatika pumzi, nenda hospitali. Hilo daftari haliwezi kulitibu.

## Hatua ya 4: Chakula kinachoingia mdomoni

Endelea na usingizi ule ule. Sasa piga picha kila unachokula kabla hujaanza kula, kwa siku tatu, mojawapo iwe Jumapili. Ukisubiri kuandika jioni, utakumbuka ugali na kusahau kwamba hukula mchana.

Picha za Ouko: chai ya maziwa na mandazi mawili saa nne asubuhi. Mchana chipsi, au hakuna picha kabisa. Usiku ugali mkubwa na sukuma wiki, maharagwe mara moja moja. Hakuwa na njaa, na hapo ndipo penye mtego. Tumbo lilijaa wanga kila usiku, lakini protini ya siku nzima ilikuwa kama gramu 50.

Mtu wa mazoezi ya nguvu anahitaji takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 68 ni gramu 109. Hatukununua unga wa mkebe. Tulipanga hivi:

- Asubuhi: uji uliochanganywa na maziwa, na mayai matatu ya kuchemsha. Kila yai ni gramu 6 hivi. Nusu lita ya maziwa kwa siku nzima ni 16.
- Mchana: wali au ugali na kikombe cha ndengu zilizopikwa, gramu 14 hivi.
- Saa tisa, ikiwa kuna mazoezi ya kasi: ndizi tu. Mlo mzito uwe umeliwa saa mbili au tatu kabla.
- Usiku: ugali, sukuma wiki, na omena. Gramu 50 za omena kavu zinakupa kama 25 za protini.
- Njugu za kiganja kimoja wakati wowote, gramu 7.

Ugali, uji na wali vikiongeza 30 hivi, umefika 110. Pesa ya chipsi ndiyo iliyogeuka mayai. Omena alinunua soko la Kibuye kwa kipimo cha debe dogo, kwani ya kupimiwa kidogo kidogo mtaani humaliza pesa bila mtu kutambua. Ioshe kwa maji ya moto mara mbili; mchanga uliobaki ndio unaowafanya watu waichukie.

Onyo: usiondoe wanga ili kupisha protini. Mkimbiaji wa mbio fupi anayekwepa ugali "asinenepe" hufika Alhamisi akiwa hana kitu miguuni.

Wiki nne baadaye: fremu 184, hakuna mabadiliko. Mbio sita: 185 hadi 195, yaani fremu 10. Uzito uliongezeka nusu kilo. Kwa maoni yangu hayo ni matokeo mazuri, ingawa Ouko alinuna. Chakula hakikumpa kasi mpya. Kilimwezesha kuirudia ile aliyokuwa nayo, na mtu anayeweza kurudia anafanya mazoezi bora zaidi wiki baada ya wiki.

## Hatua ya 5: Sasa kreatini

### Inafanya nini, na haifanyi nini

Sekunde za kwanza za mbio kali huendeshwa na akiba ndogo ya nishati iliyo ndani ya msuli wenyewe, na kreatini ni sehemu ya akiba hiyo. Mwili huitengeneza, na nyama na samaki huileta. Kuinywa kunaongeza akiba, na faida inaonekana zaidi kwenye mbio zinazorudiwa kwa mapumziko mafupi. Kwenye mbio moja ya mita 100 faida ni ndogo na haina uhakika. Asiyekula nyama na samaki mara nyingi huona tofauti kubwa zaidi, kwa kuwa akiba yake ilikuwa chini.

Ndiyo maana tuliiweka mwisho. Kama Ouko angeianza siku ya kwanza pamoja na kulala mapema, sifa ya zile fremu tatu za usingizi angeupa mkebe.

### Nani asinywe bila daktari

Mwenye tatizo la figo. Mwenye ugonjwa wa selimundu, au anayebeba vinasaba vyake. Kanda ya ziwa tunao wengi, na wengine hawajawahi kupimwa. Aliye chini ya miaka 18 asinywe.

### Kununua

Kreatini haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli michezoni. Hatari iko kwenye kile kinachoweza kuchanganyika nayo kiwandani au dukani. Na sheria ni kali: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Kuwaambia ADAK, wenzao WADA wa hapa Kenya, kwamba ulinunua kwa rafiki hakukuokoi.

Kwa hiyo chukua mkebe uliofungwa, ulioandikwa kreatini monohaidreti peke yake, bila mchanganyiko wa "kuamsha mwili." Tafuta alama ya Informed Sport, kisha ingiza namba ya toleo iliyo kwenye mkebe kwenye tovuti yao uone kama toleo hilo lilipimwa. Alama kwenye karatasi pekee haitoshi. Unga uliopimiwa kwenye mfuko wa nailoni kule jimu usiuguse. Hifadhi risiti, piga picha mkebe na namba yake, na ubakize unga kidogo.

### Kunywa

Gramu 3 hadi 5 kila siku, pamoja na chakula, siku za mapumziko pia. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima. Akiba inajaa haraka, lakini tumbo la wengi huharisha. Gramu 3 kwa siku hufika pale pale kwa wiki nne hivi. Huna haraka. Ouko alianza na gramu 3.

Pima kwa kijiko cha ndani ya mkebe, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu. Kijiko cha chai cha nyumbani kilichorundikwa hakina gramu maalumu.

Uzito utapanda kilo moja au mbili, na mwingi wake ni maji yaliyoingia kwenye misuli. Ouko alipanda kilo 1.2. Ukipimwa damu hospitalini, mwambie daktari kwamba unakunywa kreatini, maana kiwango cha kreatinini huweza kupanda na kuonekana kama figo zina shida.

### Matokeo

Wiki ya sita: fremu 183. Kumbuka ile kanuni ya fremu moja. Hilo si badiliko. Mbio sita: 184 hadi 191, yaani fremu 7 badala ya 10. Hapo kuna kitu, ingawa hata hiki kinaweza kuwa kimechanganyika na wiki 16 za mazoezi. Kwa mtu mmoja huwezi kuvitenganisha kabisa.

Kwenye mashindano yaliyofuata, kwa mtambo wa umeme, alikimbia 11.19 na upepo ulikuwa ndani ya kikomo.

## Hatua ya 6: Ukimaliza na fremu hazijasogea

Kwanza hesabu upya usingizi kwa ushahidi wa simu. Watu hurudi kwenye saa sita usiku wiki ya tatu, kimyakimya. Pili, pima damu: malaria isiyoisha na upungufu wa damu huonekana kama kukwama. Tatu, mwonyeshe kocha video yenyewe. Ana uwezo wa kuona kwamba mguu unatua mbele mno ya mwili, na hilo halina kijiko chake.

Ukiamua kuacha kreatini, akiba hurudi ilipokuwa kwa wiki nne hadi sita, na yale maji huondoka. Usiache wiki moja kabla ya mashindano ukitarajia kuwa mwepesi siku ile. Acha msimu ukiisha, kisha baada ya wiki sita rudi kwenye mita zile zile, vijiti vile vile, ukimbie mbio sita na uandike fremu.